Mahubiri: plani ya vichwa 15 inapotakiwa kuwa maneno manne ambayo washirika wanafika nayo nyumbani

Siku ya Mungu, karibu saa saba ya mchana, ibada zinamalizika katika makanisa mengi ya Bukavu. Ukiuliza mshirika mlangoni namna gani mahubiri yalikuwa, jibu linakuja haraka: muhubiri amehubiri vizuri sana. Ukimuuliza sasa muhubiri alisema nini, mambo yanabadilika. Mmoja anataja andiko lililosomwa, mwingine anakumbuka kichekesho, na mwingine anasema tu: «Alihubiri juu ya imani.»

Mara nyingi shida haitoki kwa masikio ya washirika. Muhubiri alijitayarisha, alisoma, aliandika plani yake kwenye kaye, na plani ilikuwa nzuri. Lakini iliandikwa kwa ajili ya macho, naye akaisoma mbele ya watu ambao hawana karatasi mkononi. Kati ya plani na kinywa kuna kazi moja ambayo wengi wanairuka: kugeuza vichwa vya habari kuwa sentensi ambazo mtu anaweza kuzisikia mara moja, akazielewa, na kuzirudia jioni kwa mgonjwa aliyebaki nyumbani.

Mfano unaoonyesha kazi hiyo vizuri ni Marko 4:35-41, Yesu anapotuliza dhoruba. Andiko hilo linahubiriwa sana kando ya ziwa Kivu, ambako watu wanajua mawimbi ni nini.

Plani inavyokuwa kwenye kaye

Muhubiri aliyepita katika chuo cha Biblia anaweza kuandika plani ya namna hii. Kichwa kikubwa: Ukuu wa Kristo katika dhoruba za maisha. Sehemu ya kwanza: Mazingira ya dhoruba, ya kijiografia na ya kiroho. Sehemu ya pili: Hali ya wanafunzi, yaani hofu, malalamiko na ukosefu wa imani. Sehemu ya tatu: Mamlaka ya Kristo, juu ya asili na juu ya nguvu za giza. Sehemu ya ine: Matumizi, kwa mtu binafsi, kwa jamaa, kwa kanisa na kwa inchi.

Ukihesabu, ni sehemu 4 na vijisehemu 11, jumla vitu 15. Kwa mwalimu anayesahihisha, plani hiyo ina mpangilio. Kwa mama anayesikiliza akiwa na mtoto mgongoni, ni majina 15 yanayopita mbele yake kama watu sokoni. Msomaji aliyepotea anarudi juu ya ukurasa. Msikilizaji aliyepotea hana mahali pa kurudi: sentensi imekwisha, muhubiri amekwenda mbele.

Kuna shida ya pili, kubwa kuliko wingi. Vile vichwa havisemi kitu. «Hali ya wanafunzi» ni jina la sanduku. Ndani ya sanduku mna nini? Mshirika hawezi kurudi nyumbani na kusema: «Leo tulifundishwa hali ya wanafunzi.» Kichwa cha habari kinamsaidia muhubiri kujua amefika wapi, lakini kwa msikilizaji ni mlango uliofungwa.

Hatua ya kwanza: maulizo mawili, sentensi moja

Haddon Robinson, mwalimu wa mahubiri wa Marekani aliyetoa kitabu chake kinachojulikana sana mwaka 1980, aliwafundisha wahubiri kuuliza andiko maulizo mawili. La kwanza: mwandishi anazungumza juu ya nini? La pili: anasema nini juu ya jambo hilo? Plani nyingi zinajibu ulizo la kwanza tu. «Ukuu wa Kristo katika dhoruba» ni jibu la ulizo la kwanza. Jibu la ulizo la pili linahitaji kitenzi.

Katika Marko 4, wanafunzi wenyewe wanaonyesha ulizo liko wapi. Wanamwamsha Yesu na kumuuliza kama hajali wao kuangamia. Woga wao unapita woga wa maji: wanaogopa kwamba yeye aliye pamoja nao hana habari nao. Basi andiko linazungumza juu ya nini? Juu ya maana ya dhoruba wakati Yesu yuko na anaonekana kama amelala. Linasema nini juu ya hilo? Kwamba dhoruba haikuonyesha kuwa amewaacha.

Kutoka hapo sentensi ya mahubiri yote inaweza kuwa hii: «Dhoruba si alama kwamba Yesu ametuacha.» Ni maneno sita. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuirudia, na hakuna neno linalohitaji maelezo. Muhubiri asiyeweza kufikia sentensi kama hiyo siku ya posho jioni hajamaliza kujitayarisha, hata kama kaye yake imejaa.

Hatua ya pili: kuacha andiko litoe sehemu zake

Kinachofuata ni sehemu. Wengi wanazitafuta katika kichwa chao wenyewe, na hapo ndipo zinapokuwa 15. Njia nyepesi zaidi ni kutazama kama andiko lenyewe halina ngazi zake.

Marko anazo. Katika Kigiriki alichoandika, anatumia neno moja la «kubwa» mara tatu katika habari hii fupi. Katika mstari wa 37 kuna dhoruba kubwa. Katika mstari wa 39 kuna utulivu mkubwa. Katika mstari wa 41, baada ya upepo kwisha, kuna woga mkubwa. Habari yote imetundikwa juu ya misumari hiyo mitatu, kwa utaratibu uleule wa matukio. Msikilizaji anayeikumbuka habari anakumbuka pia sehemu, bila kujifunza orodha yoyote.

Lakini «dhoruba kubwa» bado ni kichwa cha habari. Kila kimoja kinapaswa kupata kitenzi na kusema jambo. Dhoruba kubwa: Yesu mwenyewe ndiye aliyesema wavuke ng'ambo. Hawakuwa wakikimbia kama Yona, walikuwa wakitii. Sentensi inakuwa: «Walitii, na bado dhoruba iliwakuta.» Utulivu mkubwa: walikuja kwake na lawama, wala hakuwafukuza. Sentensi inakuwa: «Walimwamsha kwa kulalamika, naye akawasikia.» Woga mkubwa: hatari imekwisha, lakini sasa wanatetemeka mbele yake. Sentensi inakuwa: «Dhoruba iliisha, wakabaki wakiuliza: Huyu ni nani?»

Sasa kuna sentensi moja ya mahubiri na sentensi tatu za sehemu, jumla nne. Kila sehemu inashika mkono wa sentensi kubwa. Dhoruba iliwapata watu wanaotii, kwa hiyo si lazima iwe adhabu. Yesu alisikia hata malalamiko, kwa hiyo usingizi wake haukuwa kutojali. Na mwisho walimjua kuliko walivyomjua jioni walipopanda. Zile sehemu za jiografia, za nguvu za giza na za inchi zimekwenda wapi? Zimebaki kwenye kaye. Jiografia inaweza kuingia katika usimulizi kwa sentensi moja. Mengine yanangojea siku yake.

Hatua ya tatu: kusikiliza sentensi kwa sikio la yule ambaye hakuwapo

Hapa ndipo kazi inakuwa nzito, kwa sababu sentensi inayokumbukwa inaweza kukumbukwa vibaya, na kando ya ziwa Kivu hilo si jambo dogo. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ilipokuwa karibu kufika. Watu makumi walikufa. Kuna makanisa ambamo ndugu zao wanakaa kwenye mabenchi kila juma.

Muhubiri anayemaliza kwa kusema «ukiwa na Yesu ndani ya mashua huwezi kuzama» anapata amina nyingi. Sentensi ni fupi, ina picha, inashika. Lakini ikifika nyumbani peke yake, bila yale maelezo ya dakika 40, inasema mambo mawili ambayo andiko halisemi. Inamwambia mjane wa Kituku kwamba mume wake hakuwa na Yesu. Na inamwambia kijana anayesafiri kesho kwamba anaweza kupanda mashua iliyojaa kupita kiasi, bila jile ya kuokoa maisha, mradi ameomba.

Jaribio ni rahisi. Muhubiri anaandika sentensi zake nne kwenye kipande cha karatasi, anampa mtu ambaye hajasoma plani, na kumuuliza: «Wewe ukisikia hii tu, unaelewa nini?» Mke wake anaweza kumjibu, au mzee wa kanisa, au afadhali mtu aliyewahi kufiwa. Kama jibu linakwenda upande ambao andiko haliendi, sentensi inabadilishwa hata kama ilikuwa tamu. «Dhoruba si alama kwamba Yesu ametuacha» inapita jaribio hilo. Inaweza kusemwa kwa mjane, wala haimwahidi kijana kwamba maji hayatamshinda.

Jaribio hilo linakamata pia maneno ambayo jicho halioni kosa lake. Biblia inaeleza kwamba Yesu alikuwa amelala juu ya mto. Kwenye ukurasa hakuna shida. Lakini kinywani, katika habari ya ziwa na mawimbi, kuna watoto na wageni wa Kiswahili ambao wanasikia mto wa maji. «Kichwa chake juu ya mto wa kulalia» inamaliza jambo hilo.

Hatua ya ine: kuisema

Katika maandishi, mwalimu anakataza kurudia maneno. Katika mahubiri, kurudia ndiko kunakoonyesha msikilizaji kipi ni msumari na kipi ni ubao. Lakini inafaa kurudia maneno yaleyale. Muhubiri anayesema kwanza «walimwamsha kwa kulalamika», kisha «wanafunzi walimwendea katika hali ya manung'uniko», kisha «kilio chao kilipokelewa», anadhani amerudia mara tatu. Msikilizaji amesikia mambo matatu.

Mahali pa sentensi pia pana maana. Ikisemwa kabla ya habari, inapita hewani, kwa sababu msikilizaji hana bado picha ya kuitundika. Inashika zaidi ikija baada ya kipande cha habari, wakati watu wameona tayari. Sehemu ya pili ya mahubiri haya inaweza kusikika hivi:

«Maji yanaingia ndani ya mashua. Wavuvi wako humo, watu waliokomaa ziwani, na wao pia wanaogopa. Yesu yuko nyuma, kichwa chake juu ya mto wa kulalia, anapata usingizi. Wanamwamsha. Je, wanamwomba kwa heshima? Hapana, wanamlaumu: wewe hujali tukifa? Na Yesu anafanya nini? Anawafukuza? Anawaambia warudi wamwombe vizuri? Anaamka. Anakemea upepo. Ziwa linatulia, utulivu mkubwa. Walimwamsha kwa kulalamika, naye akawasikia.» Hapo muhubiri ananyamaza kidogo. «Mama, wewe uliyelia usiku ukauliza kama Mungu anakuona. Baba, wewe unayeona haya kuomba kwa sababu una hasira. Walimwamsha kwa kulalamika, naye akawasikia.»

Katika kipande hicho sentensi zimekuwa fupi, na vitenzi vimeingia katika wakati wa sasa. Maneno kama «malalamiko» na «ukosefu» yameondoka, watu wenye mikono na midomo wamechukua mahali pao. Utaratibu wa Marko pia umeheshimiwa: Yesu anatuliza upepo kwanza, kisha anauliza juu ya imani. Katika Matayo 8 ulizo linakuja kabla ya utulivu. Muhubiri anayechanganya Injili hizi mbili kwa kusimulia toka kichwani anaweza kujikuta amehubiri kwamba Yesu alingojea imani yao kwanza, na sehemu yake ya pili inaanguka.

Wakati wa kutoka sehemu moja kwenda nyingine, muhubiri anahesabu kwa sauti kama mtu anayehesabu feza mbele ya mnunuzi: «Tumeona dhoruba kubwa: walitii, na bado dhoruba iliwakuta. Tumeona utulivu mkubwa: walimwamsha kwa kulalamika, naye akawasikia. Sasa tuone woga mkubwa.» Ni sekunde 20 tu. Yule aliyetoka kumtuliza mtoto anarudi na kukuta mahali pake. Kufika mwisho, kila sentensi imesikika mara tatu au ine, na ile kubwa zaidi ya hapo.

Vitu vinavyomeza sentensi

Kuna mambo yanayoharibu kazi hii hata kama maneno yalichaguliwa vizuri. La kwanza ni mfano mrefu. Muhubiri anasimulia safari yake toka Bukavu mpaka Goma, mizigo, mtu aliyetapika, nahodha aliyekasirika, na kanisa linacheka. Juma linalofuata watu wanamkumbuka nahodha. Mfano unafaa ukiwa mfupi, ukiwa mmoja kwa kila sehemu, na ukimalizikia juu ya sentensi yenyewe. Kama baada ya mfano muhubiri anahitaji maelezo marefu kurudi kwenye andiko, mfano huo ulikuwa wa mahubiri mengine.

La pili ni «mwambie jirani yako». Kuomba watu warudie sentensi kubwa pamoja, mara moja au mbili, kunasaidia. Lakini katika ibada nyingine watu wanaagizwa kumwambia jirani kila dakika mbili, na kila mara jambo lingine. Mwisho midomo imefanya kazi na hakuna neno lililosimama juu ya mengine. Amina kubwa nayo inaonyesha tu kwamba watu wamependa. Wanaweza kupenda bila kukumbuka.

La tatu ni kutafsiri. Katika makanisa mengi ya mashariki, mahubiri yanatolewa kwa Kifaransa na mkalimani anayatia katika Kiswahili, au kutoka Kiswahili kwenda lugha ya nyumbani. Kutafsiri sentensi kwa sentensi kunakula karibu nusu ya muda, kwa hiyo mahubiri ya dakika 40 yanabaki na dakika 20 za maneno ya muhubiri. Plani iliyojengwa juu ya maneno matatu ya Kifaransa yanayoanza na herufi P, ikivuka inakuwa kuwapo, nguvu na amani, na ile kamba iliyoyafunga imekatika. Tena mkalimani, akiwa mtu mwenye maneno mengi, anatafsiri sentensi ileile kila mara kwa namna nyingine, na kurudia kote kunapotea. Dawa ni kumpa sentensi zile nne kabla ya ibada, wakubaliane maneno ya Kiswahili, naye ayashike bila kuyabadilisha.

La ine linakuja baada ya amina ya mwisho: matangazo, sadaka, korali. Mambo hayo ni ya lazima, lakini kama muhubiri amemaliza kwa maombi ya dakika kumi juu ya mambo mengine na yakafuata matangazo nusu saa, neno la mwisho sikioni ni tarehe ya mkutano wa wamama. Anayesimamia ibada anaweza kurudisha sentensi kubwa mara moja kabla ya baraka. Haihitaji kuelezwa tena.

Karatasi ya kupanda nayo

Muhubiri aliyefanya kazi hii hahitaji kupanda na kurasa sita. Nusu ya karatasi inatosha. Sentensi kubwa inaandikwa juu kabisa, neno kwa neno. Chini yake, sentensi tatu, kila moja neno kwa neno, na kando yake maneno mawili au matatu ya kukumbusha habari: mto wa kulalia, lawama, upepo. Sentensi ya kwanza ya kuanzia na ya mwisho ya kumalizia zinaandikwa zote nzima, kwa sababu hapo ndipo wengi wanatangatanga. Mengine yanasemwa huku macho yakiwa juu ya watu.

Macho hayo yana kazi. Augustino, askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini, ambaye alikuwa mwalimu wa ufasaha kabla ya kuwa askofu, aliwashauri wahubiri karibu miaka 1600 iliyopita kutazama mkutano. Watu wanaotamani kuelewa wanaonyesha kwa mwendo wao kwamba wameelewa, na mpaka waonyeshe, muhubiri anapaswa kuligeuza jambo upande huu na upande ule, wakishaelewa, apite. Aliongeza kwamba wanaokariri mahubiri yao neno kwa neno hawawezi kufanya hivyo. Ndiyo sababu sentensi nne tu zinashikwa bila kubadilika, na maelezo yanaachwa huru.

Namna ya kujua kama imefika

Kipimo hakipatikani mlangoni siku ileile. Kinapatikana siku ya tatu au ya ine, katika kikundi cha maombi cha mtaani. Anayeongoza anauliza, kabla ya kufungua Biblia: «Siku ya Mungu tulisikia nini?» Anaandika majibu bila kuyasahihisha. Watu wakitaja andiko tu, sentensi hazikusikika. Wakitaja mfano tu, mfano ulimeza. Wakitaja sentensi lakini wakaipa maana nyingine, jaribio la hatua ya tatu halikufanywa vizuri, na muhubiri ana nafasi ya kurekebisha siku ya Mungu inayofuata kabla kosa halijaota mizizi.

Njia hii ina mipaka yake. Habari kama ya dhoruba inajigawa yenyewe. Barua ya Paulo kwa Waroma, yenye hoja inayopanda toka mstari hadi mstari, mara nyingi inakataa sehemu tatu. Hapo ni afadhali muhubiri achukue mistari michache zaidi, abaki na sentensi moja, na kuifuata hoja polepole, kuliko kukata andiko ili liingie katika hesabu ya tatu. Na kwenye matanga, mahali ambapo watu hawana nguvu za kubeba mambo matatu, sentensi moja inatosha. Ile ya Marko 4 inaweza kusemwa hapo pia, kwa sauti ya chini, bila sehemu zake.